Dola ya Njano na Watu 918

Rafiki yangu alikuwa ameshapeleka kishale kwenye kitufe cha kuchapisha pale alama ya dola ilipogeuka njano. Pembeni yake yakatokea maneno `Limited or no ads`, yaani matangazo machache au hakuna kabisa. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza bila kunitazama: "Sasa hapa tatizo nini, kaka? Watu kufa, au sisi kusema kwamba walikufa?"

Yeye ndiye mwenye chaneli ya YouTube. Anasoma, anaandika, anasimulia. Mimi nakata picha na kupanga sauti.

Swali lake limenikaa kichwani wiki zote hizi, kwa sababu jibu la haraka nililompa ("ni maneno tu, tutayafunika") silo jibu ninaloliamini leo.

## Tulichokuwa tumepakia

Video ilikuwa ya historia: Jonestown, Guyana, tarehe 18 Novemba 1978. Siku hiyo walikufa watu 918. Kati yao 909 walifia kijijini, karibu wote kwa sayanidi iliyochanganywa kwenye kinywaji cha matunda, kwa amri ya kiongozi wao Jim Jones. Zaidi ya 300 walikuwa watoto.

Kichwa cha video kilisomeka: "Watu 909 Wajiua kwa Sumu: Siku ya Mwisho ya Jonestown". Picha ya jalada ilikuwa ile iliyopigwa kutoka angani, ambayo ukiitazama kwa mbali unadhani ni nguo zimeanikwa kuzunguka banda, hadi macho yanapozoea. Na video ilianza na sauti, bila neno la utangulizi: vilio kutoka kwenye mkanda uliorekodiwa saa hizo za mwisho, ule ambao FBI waliuhifadhi kwa alama ya Q 042. Kioo cheusi, vilio, kisha tarehe.

Kama kazi ya uhariri, niliupenda mwanzo huo. Bado naupenda.

Ukaguzi wenyewe hufanyika kabla ya kuchapisha. Kwa chaneli iliyokwisha kuingizwa kwenye mpango wa mapato, unapakia video, unaiacha ya faragha, unajaza dodoso kuhusu yaliyomo, halafu hatua ya `Checks` inapitia kila kitu: kichwa, maelezo, picha ya jalada, na video yenyewe kwa picha na sauti. Kwa kawaida haichukui hata saa nzima. Anayekimbilia kuchapisha bila kuisubiri anajinyima nafasi ya kurekebisha kabla watu hawajaanza kutazama.

## Njano inakula pesa kwa njia gani

Wengi huchanganya sheria mbili. Moja ni ya jamii, inayosema nini kiruhusiwe kukaa YouTube. Nyingine ni ya watangazaji, inayosema ni kitu gani kampuni ya sabuni itakubali kusimama karibu nacho. Video inaweza kuwa halali kabisa, ya kweli, yenye manufaa, na bado ikapewa njano. Hakuna aliyesema umekosa.

Hii ya pili ilipata meno mwaka 2017. Machi ya mwaka huo gazeti la The Times la London liliandika kuhusu matangazo ya kampuni kubwa yaliyokuwa yakitokea kwenye video za watu wenye itikadi kali, na kampuni nyingi zikaondoa matangazo yao. Tangu hapo kila video inayochuma inapimwa kwanza ili ijulikane inafaa watangazaji wa aina gani.

Njano maana yake ni kwamba baadhi ya watangazaji wameshasema mapema hawataki mada za namna hiyo. Nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada, na mnada wenye wanunuzi wachache hushusha bei. Kwa hiyo unapoteza mara mbili: matangazo yanapungua, na yale yanayobaki yananunuliwa kwa bei ya chini. Mtayarishaji hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu, lakini asilimia 55 ya kidogo ni kidogo. Kinachobaki salama ni sehemu inayotokana na watazamaji wa YouTube Premium. Hao wamelipia ili wasione matangazo, kwa hiyo dola ikiwa njano, pesa yao bado inakuja.

Kuna jambo la muda pia. Video nyingi hutazamwa sana siku zake za mwanzo. Ukichapisha ikiwa njano, halafu ikageuzwa kijani baada ya wiki, ule umati wa kwanza umeshapita na hulipwi fidia.

Ndiyo maana tulisimamisha kishale palepale.

## Uchawi wa kufunika maneno

Wazo la kwanza la rafiki yangu ni lile linalomjia kila mtu. "Tuweke mlio kwenye 'sumu'. Na kwenye 'kufa'. Na 'kujiua' tuiandike na nyota katikati."

Nimeona video nyingi za namna hii. Msimulizi anaeleza kifo cha mtu kwa mafumbo ya kitoto, herufi zimenyofolewa, mlio unakata kila sentensi, na mtazamaji anabaki kukisia. Watu wanaamini kuna orodha ya siri ya maneno, na ukilikwepa neno umesalimika.

Imani hiyo ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo inatoka kwenye matusi. Kwa matusi, neno lenyewe ndilo kosa, na kulifunika kwa mlio kunasaidia kweli. Masharti yake yamebadilika mara kadhaa: Novemba 2022 yalikazwa sana, Machi 2023 yakalegezwa kiasi, lakini tusi zito ndani ya sekunde 7 za kwanza likawa bado linaleta njano. Julai 2025 kizuizi cha sekunde 7 nacho kikaondolewa. Kilichobaki ni tusi lisilofichwa kwenye kichwa cha habari au picha ya jalada, na video ambayo matusi yamerundikana karibu kila sentensi.

Mada ni kitu kingine.

Kujiua, kifo, vita, dawa za kulevya, ubakaji: hapa anayepima anauliza video inahusu nini, inakionyesha vipi, na inakitazama kwa muda gani. Nyota katikati ya neno haibadilishi mada. Video ya dakika 24 kuhusu Jonestown inahusu Jonestown hata ukiliita tukio zima "ile siku". Unachofanikiwa ni kumfanya anayetafuta habari hizo asikupate, na aliyekupata asikuelewe.

Na kwa mada hizi masharti yamekuwa yakilegea. Januari 2026 YouTube ilitangaza kwamba mazungumzo au maigizo kuhusu kujiua, kujidhuru, utoaji mimba na ukatili wa majumbani na wa kingono yanaweza kuchuma kikamilifu, ilimradi hayaonyeshi mambo waziwazi. Unyanyasaji wa watoto na matatizo ya ulaji viliachwa nje ya ulegezaji huo.

Kwa hiyo kama neno "kujiua" peke yake si mwiko, ni nini kilichotugeuzia dola?

## Tukaanza kutenganisha

Njia pekee ya kujua ni kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vilivyo. Kichwa, maelezo na picha ya jalada unaweza kuvibadili bila kupakia upya. Tukaanza hapo.

Picha ya angani ikatoka, ikaingia picha ya lango la kijiji. Kichwa kikawa "Jonestown: Saa za Mwisho za Kijiji cha Jim Jones". Tukasubiri.

Njano.

Hilo halikuwa na maana kwamba picha ya kwanza ilikuwa salama. Picha ya jalada ndiyo kitu kinachoonwa na kila mtu, hata yule ambaye hatabonyeza, na maiti zilizotumika kama chambo ni kosa linalotajwa waziwazi kwenye mwongozo. Ilikuwa na maana kwamba ndani ya video kuna jambo jingine zaidi.

Faili la video lenyewe halibadilishwi likishapakiwa. Unaweza kulikata au kulitia ukungu kwa kihariri cha ndani ya YouTube Studio, lakini kama hujachapisha, ni rahisi zaidi kutengeneza toleo jipya na kulifuta la zamani, kwa kuwa halina mtazamaji wala maoni ya kupoteza. Basi nikatoa toleo la majaribio, robo ya kwanza peke yake: vilio, historia ya Peoples Temple, kanisa la Jim Jones, safari ya kuhamia msituni. Nikaipakia ya faragha.

Kijani.

Nikajikuna kichwa. Nilikuwa nimekwisha kuuhukumu ule mwanzo wa vilio. Ikabidi nipakie robo ya mwisho, na hapo ndipo njano ikarudi.

Nitahadharishe: vipande si ushahidi kamili. Video hupimwa kwa jumla yake, na kitu kinachovumilika kikiwa peke yake kinaweza kuhesabiwa uzito kikikaa na vingine. Lakini kipande kinakuonyesha pa kuchimba.

## Dakika moja na nusu

Robo ya mwisho ilikuwa na mfululizo wa picha za siku zilizofuata, askari wa Guyana walipofika kijijini. Nilikuwa nimezipanga kwa dakika moja na nusu, kila picha ikisogezwa taratibu karibu zaidi, muziki mzito chini yake, bila maneno. Miili haikuwa na majeraha. Hakukuwa na damu. Ndiyo maana haikunijia kwamba hapo ndipo penye tatizo.

Nikausoma tena mwongozo, safari hii sehemu ya ukatili na siyo ya mada nyeti. Kuna ngazi. Maiti iliyofunikwa kabisa kwenye video ya elimu au ya historia inaruhusiwa kuchuma. Maiti yenye majeraha ya wazi, hata kwenye historia, inaangukia njano. Ikionyeshwa ili kushtua tu, bila maelezo, hata njano huipati: matangazo yote yanaondolewa. Damu haitajwi kama kigezo pekee. Muktadha unatajwa sana.

Na mimi nilikuwa nimeondoa muktadha kwa mkono wangu. Nilipomnyamazisha msimulizi ili picha zipate uzito, nilimwachia mpimaji dakika moja na nusu ya maiti na muziki. Asiyejua dakika ishirini zilizotangulia angeiita nini?

Tukaitengeneza upya. Picha mbili zikabaki badala ya kumi na kitu. Miili ikatiwa ukungu mzito, wa kufunika umbo na siyo uso tu. Kusogezwa karibu kukaondoka, picha ikatulia. Na msimulizi akarudi, akieleza askari walikuta nini, jinsi idadi ya kwanza iliyotangazwa ilivyokuwa ndogo kuliko ukweli, na kwa nini ilipanda kwa siku kadhaa: miili ya watoto ilikuwa chini ya ya wakubwa.

Sentensi hiyo moja ya mwisho ni nzito kuliko picha zangu zote. Hakuna mlio uliowekwa. Neno "maiti" limebaki, "sumu" imebaki, "sayanidi" imebaki.

Kijani.

## Kuhusu dodoso

Nirudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hujifunga wenyewe.

Dodoso linauliza kuhusu matusi, maudhui ya watu wazima, ukatili, mambo ya kushtua, dawa za kulevya, silaha, mada zenye utata na mengine. Chini yake kuna kisanduku kinachovutia sana: hakuna hata kimojawapo. Kishawishi ni kukibonyeza na kwenda zako.

Lakini kukiri kwamba video ina mada fulani hakuipi njano moja kwa moja. Machaguo mengi ndani ya dodoso yanaeleza hali inayoruhusiwa kabisa: mada nyeti ikijadiliwa bila kuonyeshwa, ukatili ukitajwa katika elimu. Ukichagua hayo kwa ukweli, bado unaweza kupata kijani. Na majibu yako yanawekwa kumbukumbu. Ukishajipima kwenye video 20, unaonyeshwa majibu yako yanakubaliana na ya wapimaji kwa kiasi gani, na chaneli inayojipima kwa usahihi inaanza kuaminiwa neno lake. Anayejibu "hakuna" kwa kila kitu anaijenga sifa mbaya, halafu siku anayohitaji kuaminiwa, haaminiwi.

Rafiki yangu alikuwa ameweka alama kwenye mada zenye utata, na kwenye ukatili akaweka chaguo la hali nyepesi. Kwa toleo la kwanza hilo la pili halikuwa sahihi. Kwa toleo la mwisho likawa sahihi.

## Kile kinachonisumbua

Sasa nije kwenye lile swali la mwanzo.

Kubadilisha kichwa kulifanywa kwa ajili ya pesa, tusidanganyane. Tulitoa "wajiua" kwa sababu kichwa chenye neno hilo, namba ya vifo na sumu juu ya picha ya maiti ni mwaliko wa njano. Baadaye, tukipitia hadithi upya, tukaona kwamba kichwa cha zamani kilikuwa na kasoro ya kihistoria pia. Kulikuwa na walinzi wenye silaha kulizunguka banda. Watoto walinyweshwa kwanza. Mtoto mdogo hajiui. Wapo manusura wanaokataa kabisa neno hilo na kusema yalikuwa mauaji.

Kwa hiyo kanuni iliyowekwa ili kumfurahisha muuza sabuni ilitusukuma kwenye kichwa cha haki zaidi. Rafiki yangu alifurahi. Mimi ilinitia wasiwasi, kwa sababu tulifika pazuri kwa bahati. Siku nyingine kanuni hiyohiyo itasukuma upande mwingine, na kama hatujui tunatetea nini hatutahisi tunasukumwa.

Mkanda wa vilio ndio mfano wangu. Kijani chake nilikiona kwa macho yangu, kwa hiyo hakuna aliyenilazimisha kuuondoa. Hata hivyo nimeuondoa mwanzoni na kuuweka baadaye, sekunde chache tu, mtazamaji akiwa ameshajua anaowasikia ni akina nani. Rafiki yangu hakukubali. Anasema mwanzo ule ulikuwa unamshika mtu asiondoke, na kichwa chetu kipya hakina mvuto, hivyo tumepoteza ndoano mbili kwa mpigo. Ana hoja. Dola ya kijani juu ya video isiyobonyezwa haina kazi. Tumekubaliana atazame takwimu za watu wanaoondoka ndani ya nusu dakika ya kwanza, halafu tubishane tena tukiwa na namba.

## Rufaa ni moja

Kuna anayesoma hapa ambaye tayari amechapisha na ana njano. Ipo `Request review`, ambapo binadamu anaitazama video. Inaweza kuchukua hadi siku 7, na uamuzi wake ni wa mwisho. Usiibonyeze kwa hasira. Rekebisha kwanza kichwa, picha ya jalada na sehemu unazozishuku, ndipo uombe, ili huyo binadamu akute toleo bora na siyo lile lililokataliwa.

Na kijani nacho si cha kudumu. Video ikianza kutazamwa, inaweza kupimwa tena na kubadilika. Ndiyo maana sipendi kusogea karibu sana na mpaka, kwamba ukungu uwe mwepesi tu wa kupita ukaguzi wa leo.

Sehemu ya pili tunaihariri sasa, na inatuweka pagumu zaidi. Kabla ya yaliyotokea bandani, mbunge wa Marekani Leo Ryan na wengine wanne waliuawa kwa risasi kwenye uwanja wa ndege wa Port Kaituma. Mmoja wao, Bob Brown, alikuwa mpiga picha wa televisheni ya NBC, na kamera yake ilikuwa ikirekodi shambulio lilipoanza. Filamu hiyo ipo. Rafiki yangu anaitaka yote. Mimi nimependekeza tuonyeshe trekta la washambuliaji likikaribia, tukate kabla ya risasi, na msimulizi aendelee juu ya ramani ya uwanja. Amesema nikikata hapo nitakuwa nimemnyang'anya Brown kitu cha mwisho alichokifanya kazini.

Nimemjibu kwamba kama tunaiweka yote, basi tujaze dodoso ipasavyo, tukubali njano, na tusiuguse mwanzo wake hata kidogo. Bado hajaamua.